Uvimbe kwenye bandama na damu tumboni: Bosi ana muda gani?

"Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ipuli, Tabora. Mbwa wangu Bosi ana miaka 10 na kilo 31, ni chotara wa mbwa wa Kijerumani. Jumamosi alianguka getini, fizi zikawa nyeupe kama karatasi. Jumapili jioni akaamka, akala ugali na dagaa kama kawaida. Jumatatu akapigwa ultrasaundi: uvimbe wa sentimita 7 kwenye bandama na damu imezagaa tumboni. Kipimo cha chembe nyekundu ni asilimia 24. Daktari wa hapa anasema huenda ni saratani. Wanangu wanasema amepona, nimwache. Je, uvimbe hauwezi kuchomwa sindano tu tukajua ni nini? Na ana muda gani?"

Shikamoo Mwalimu. Naanza na wanao. Walichokiona ni cha kweli, ila maana yake siyo hiyo. Bosi ameamka, lakini hajapona.

Mbwa ana kama mililita 80 hadi 90 za damu kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo Bosi anatembea na lita mbili na nusu hivi. Jumamosi uvimbe ulipasuka, damu ikamwagikia tumboni, presha ikashuka, fizi zikapauka na miguu ikaisha nguvu. Presha ile ilivyoshuka, hata damu iliyokuwa inatoka ikapungua kasi, ikapata nafasi ya kuganda penye ufa na kuuziba. Kisha mwili ukaanza kuokota mali yake. Damu iliyomwagika tumboni haipotei yote: chembe nyekundu nyingi hunyonywa zikiwa nzima kupitia mifereji ya limfu, hasa ile iliyo kwenye ukuta wa msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na hurudi kwenye mishipa ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana Jumapili jioni alikula.

Nimeona mbwa wakirudia mzunguko huu mara mbili, mara tatu, na kila mara mwenye mbwa anasema labda alikula kitu kibaya, au ni jua. Kilichoziba ufa ule ni bonge la damu tu. Presha ikirudi juu, akiruka ukuta au akikimbiza mbuzi wa jirani, hata akiwa amelala usiku, bonge linaweza kung'oka. Hakuna anayeweza kukwambia ni leo au wiki ijayo.

Kwa hiyo kuanzia sasa Bosi awe kwenye kamba, hata uani. Asikimbie, asipande ngazi, na watu wasimbonyeze tumbo kutafuta uvimbe uko wapi. Usimpe diklofenaki, aspirini wala panadol hata akionekana ana maumivu. Baadhi huzuia damu kuganda, na zote zinaweza kumdhuru mbwa. Na umwombe daktari wako arudie kile kipimo cha chembe nyekundu kesho asubuhi. Mbwa mzima huwa na asilimia 37 au zaidi. Akikuta 24 ileile au 26, ufa umeziba kwa sasa. Akikuta 19, bado anavuja, na tutakuwa tunazungumzia saa, si siku.

Sasa picha. Ultrasaundi ni hodari kwa mambo mawili: kuonyesha kwamba kuna maji mahali pasipopaswa kuwa na maji, na kuonyesha kiungo gani kina uvimbe. Daktari wako akivuta kidogo maji yale kwa sindano, akapata damu isiyoganda ndani ya bomba, basi amethibitisha. Damu iliyokaa tumboni imekwisha kuganda na kuyeyuka, haina tena kitu cha kugandia. Ingeganda, tungeshuku sindano imeingia kwenye mshipa au kwenye bandama lenyewe. Hadi hapo picha imefanya kazi yake vizuri.

Lakini picha haijui uvimbe ni wa aina gani, hata mashine ikiwa ya bei mbaya kiasi gani. Bandama la mbwa mzee hupatwa na vitu viwili vinavyofanana mno kwenye skrini. Cha kwanza ni hematoma, yaani damu iliyovuja ndani ya bandama lenyewe, ikakusanyika na kugandamana. Hiyo si saratani. Cha pili ni hemanjiosakoma, saratani ya zile seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu. Seli hizo zimeharibika lakini hazijasahau kazi yake: zinaendelea kujenga mishipa, ila mishipa mibovu, yenye kuta nyembamba zinazovuja. Damu inajaa kwenye vishimo, vishimo vinapasuka, vingine vinaota. Kwa hiyo ndani ya uvimbe wa saratani kuna madimbwi ya damu, na ndani ya hematoma kuna madimbwi ya damu. Kwenye ultrasaundi vyote viwili ni weusi na kijivu vilivyochanganyika kama mawingu ya masika.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilipokuwa nafanya kazi huko kwenu, niliitwa Urambo kwa mkulima wa tumbaku ambaye mbwa wake alikuwa na uvimbe mkubwa kama papai. Niliangalia skrini, nikamwambia mbele ya watoto wake kwamba ni saratani na hakuna la kufanya. Yule mzee akakataa, akasema kama ni kufa, afie mezani. Tulilitoa bandama, lilikaribia kilo mbili. Majibu ya maabara yakaja: hematoma. Mbwa yule aliishi karibu miaka mitatu zaidi na akafa kwa jambo jingine kabisa. Tangu siku ile sitoi hukumu mbele ya skrini. Na ajabu ni kwamba uvimbe mkubwa sana, ukilinganishwa na mwili wa mbwa, una uwezekano zaidi wa kuwa si saratani kuliko uvimbe mdogo uliopasuka mapema. Ukubwa peke yake usikutishe.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la sindano. Ni swali zuri, na kwa uvimbe wa ngozi ningesema ndiyo. Kwenye bandama lenye ufa, hapana. Sindano ikiingia kwenye dimbwi la damu itatoa damu, na damu haitakwambia kitu. Seli za saratani zinaweza kuwa kwenye kipande kidogo pembeni ambacho sindano haikukigusa. Ukipata jibu "hakuna saratani" bado hujui kitu, na huku umetoboa mahali palipokuwa pameziba. Kinachojua jibu ni bandama lililotolewa, likakatwakatwa na kuangaliwa kwa hadubini. Hakuna njia ya mkato.

Bahati inaegemea wapi basi? Sitakudanganya Mwalimu. Mbwa mwenye uvimbe wa bandama uliogunduliwa kwa bahati, bila damu tumboni, ana nafasi nzuri kiasi. Damu iliyomwagika yenyewe, bila kugongwa na pikipiki wala kupigwa teke, inashusha nafasi hiyo. Kwenye takwimu za hospitali kubwa za Marekani, ukiweka pamoja mbwa 10 wenye hali kama ya Bosi, 6 au 7 hukutwa na hemanjiosakoma, mmoja hivi na saratani ya aina nyingine, na 2 au 3 hawana saratani. Takwimu hizo ni za mbwa wa huko, wengi wa mbegu kubwa, na mbwa wa Kijerumani ni mmoja wa wanaopatwa zaidi, kwa hiyo damu ya Kijerumani aliyo nayo Bosi haimsaidii. Hata hivyo 2 au 3 kati ya 10 si kitu cha kutupa, kwa sababu hao wanapona kabisa kwa kutolewa bandama tu.

Wale wengine, sababu ya kutopona ni hiyo hiyo niliyoieleza. Saratani inayoanzia ndani ya mshipa wa damu iko barabarani tangu siku ya kwanza. Kufikia uvimbe unapoonekana, mara nyingi mbegu zake ndogo zimeshafika kwenye ini au mapafu, hata kama hatuzioni bado. Na ulipopasuka, umemwaga nyingine tumboni. Kwa hiyo kutoa bandama kunazima moto unaowaka leo, hakutoi cheche zilizokwisha kuruka. Mbwa mwenye hemanjiosakoma akifanyiwa upasuaji pekee huishi kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Akiongezewa dripu za doksorubisini, dawa ya saratani, kila baada ya wiki mbili au tatu, mara nne hadi sita, hufika kwa kawaida miezi minne hadi sita. Wanaofika mwaka mmoja ni wachache, kama mmoja kati ya 10. Mwisho wake, mara nyingi, ni kuvuja tena mahali pengine.

Muda huo si wa kulala kitandani, na hili watu hawaambiwi. Mbwa akishatolewa bandama na kidonda kikapona kwa siku 10 hivi, anarudi kuwa yeye: anakula, anakupokea getini. Wengi huwa wazima hadi siku ya kuvuja tena. Ndiyo maana kuna watu, nami namheshimu kila mmoja wao, wanaosema miezi miwili ya namna hiyo inatosha, na wengine wanaosema haitoshi kumpasua mzee wa miaka 10.

Kabla hujaamua, kuna vipimo viwili vinavyoweza kukuamulia. Cha kwanza ni eksirei ya kifua, apigwe ubavu wa kulia, wa kushoto na chali. Mapafu yakiwa na madoadoa kila mahali, saratani imekwisha kusambaa na upasuaji hauna maana. Cha pili ni kumwangalia moyo kwa ultrasaundi ileile, hasa chumba cha juu upande wa kulia, kwa sababu saratani hii hupenda kukaa na pale. Lakini wakikwambia ini lina kinundu kimoja au viwili, usikate tamaa papo hapo. Mbwa wazee wengi wana vinundu vya ini visivyo na madhara yoyote, na nimewahi kuona mbwa akinyimwa upasuaji kwa sababu ya kinundu cha aina hiyo.

Kisha kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havilipi uzito: kupe. Kabla ya kumpasua, tone la damu yake litandazwe kwenye kioo na kuangaliwa kama kuna babesia, kijidudu cha damu kinacholetwa na kupe, na zihesabiwe chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania iko hapo hapo Tabora mjini. Daktari wako aulize nao kama watamsomea kioo. Babesia na erlikia, ugonjwa mwingine wa kupe, huvimbisha bandama zima, hazifanyi uvimbe mmoja kama wa Bosi, kwa hiyo sisemi ndizo zilizoleta haya. Nasema mbwa mwenye erlikia anaweza kuwa na chembe sahani chache mno na akavuja damu mezani bila kukoma. Na mwambie daktari kama nyumbani kuna sumu ya panya. Nyingi huzuia damu kuganda, na mbwa aliyeila anahitaji vitamini K1 kwanza, kisu baadaye.

Bandama ndilo chujio linalokamata chembe zenye babesia. Bosi akiishi bila bandama, kung'atwa na kupe kunakuwa hatari kwake kuliko kwa mbwa wa jirani. Dawa ya kupe itakuwa ya maisha yake yote, bila kuruka mwezi, na homa yoyote atakayopata iwe sababu ya kumpeleka apimwe siku hiyo hiyo.

Operesheni yenyewe si ya miujiza. Daktari anayefunga vizazi na kutoa watoto kwa kisu ana mikono ya kuifanya, mradi awe ameshawahi kuifunga mishipa ya bandama au awe na aliyewahi kando yake. Mimi ningemuuliza mambo matatu, kwa heshima. Damu ya kumwongezea itatoka wapi? Mbwa jirani mwenye kilo zaidi ya 25, mzima, aliyepimwa hana babesia, anaweza kutoa kama nusu lita. Kwa mbwa ambaye hajawahi kuongezewa damu, mara ya kwanza kwa kawaida haileti matatizo makubwa, ila damu zao zichanganywe kidogo kwenye kioo kwanza kuona kama zinagombana. Pili, nani atamwangalia moyo usiku ule na unaofuata? Baada ya kutolewa bandama, moyo wa mbwa mara nyingi hupiga ovyo ndani ya saa 24 hadi 48. Wengi hutulia wenyewe, wachache wanahitaji lidokeini kwenye mshipa, na lazima awepo mtu wa kuliona hilo. Tatu, bandama litapelekwa maabara gani? Kulitupa ni kosa linalofanyika sana. Likatwe vipande kadhaa, hasa pale ambapo uvimbe unakutana na nyama nzima ya bandama, viwekwe kwenye fomalini iliyo mara kumi ya ujazo wa nyama. Kipande kimoja kutoka katikati ya uvimbe kitasoma damu iliyoganda tu, na utaambiwa ni hematoma wakati saratani ilikuwa pembeni.

Daktari akikwambia hana nafasi ya haya, usidhani amekutupa, amekusaidia. Hapo kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Piga simu kwanza uwaulize kama mpasuaji yupo na lini. Ni safari ya zaidi ya kilomita 600 kupitia Itigi, Manyoni na Dodoma, na Bosi anaweza kuvuja njiani, hili lazima ulijue unapofunga mlango wa gari. Nisingemsafirisha hadi vipimo viwili vya damu, kwa tofauti ya saa 12 au zaidi, viwe havijashuka. Alale ubavu kwenye godoro, mtu wa kumwangalia fizi awe naye nyuma, na msafiri asubuhi mapema kabla ya joto.

Ukiamua kupasua, kaa na daktari kabla ya nusukaputi mkubaliane jambo moja: akifungua tumbo akakuta madoa meusi yametapakaa kwenye ini na kwenye mafuta ya utumbo, akupigie simu, na wewe uwe umeshajua utasema nini. Kumwacha asiamke ni ruhusa. Ila amtofautishie bonge la damu lililojibandika kwenye mafuta na kinundu chenyewe, vinafanana.

Na ukiamua kutopasua, huo nao ni uamuzi wa mtu anayempenda mbwa wake. Utakachofanya ni kuangalia. Kila asubuhi na jioni mfunue mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole gumba hadi pawe peupe, kisha uachie: wekundu urudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Jizoeshe leo akiwa na nafuu, ujue rangi yake ya kawaida ni ipi. Pima tumbo lake kwa uzi usawa wa kitovu, uweke alama. Tumbo likizidi alama hiyo, damu inaongezeka. Akiwa usingizini hesabu pumzi. Zikipita 30 kwa dakika, mwite daktari. Ikitokea tena kama Jumamosi, fizi nyeupe na miguu imelegea, mwite daktari palepale, awe na dawa ya kumlaza asiamke tena, kwa sindano kwenye mshipa. Panga naye mapema, pamoja na namba ya usiku, ili asije jirani na wazo la sumu au rungu.

Mimi, kwa Bosi, nikiwa na kifua kilicho safi na kipimo kisichoshuka kesho, ningempasua. Sababu yangu ni wale 2 au 3 kati ya 10, na kwamba wale 7 au 8 nao hupata wiki kadhaa nzuri. Kifua kikiwa na madoa, ningekaa naye nyumbani na kumpikia dagaa. Kesho ukipata majibu ya damu na eksirei, niandikie namba zenyewe kama zilivyo kwenye karatasi, nitakusomea.